Upimaji wa klorofili na karotenoidi kwa asetoni

Upimaji wa klorofili na karotenoidi kwa asetoni ni njia ya maabara ya kujua kiasi cha rangi zilizomo ndani ya jani. Jani husagwa ndani ya asetoni, rangi huyeyuka na kutoka, kisha mwanga unaofyonzwa na mchujo husomwa kwa spektrofotometa. Namba zinazosomwa huingizwa katika milinganyo mitatu inayotoa kiasi cha klorofili a, klorofili b na karotenoidi zote kwa pamoja.

Njia hii haihitaji vifaa vingi, lakini ina sharti moja ambalo mara nyingi husahaulika: kila mlinganyo umetengenezwa kwa kiyeyushi kimoja na kwa urefu maalumu wa mawimbi ya mwanga. Mtu akitumia mlinganyo wa kiyeyushi kingine, hesabu itakwenda bila kikwazo na jibu litaonekana la kawaida, kumbe si sahihi. Makala hii inaeleza njia hiyo kwa kutumia jani la mchicha (jenasi Amaranthus), mboga inayolimwa kwenye bustani nyingi za Dar es Salaam.

## Rangi zinazopimwa

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na uchujaji wa klorofili mapema, anapofanya jaribio la wanga katika jani. Jani huchemshwa ndani ya alkoholi iliyo katika maji ya moto hadi libaki jeupe, na alkoholi hugeuka kijani. Katika jaribio lile kinachotakiwa ni jani, na kimiminika cha kijani humwagwa. Katika upimaji wa rangi mambo hugeuka: kimiminika ndicho kinachotakiwa, na jani lililobaki jeupe ndilo linalotupwa.

Rangi ya kijani ya jani si kitu kimoja. Klorofili a ina rangi ya kijani inayoelekea buluu, na ndiyo iliyo nyingi zaidi. Klorofili b ina kijani kinachoelekea njano. Pamoja nazo kuna karotenoidi, ambazo ni rangi za njano na za machungwa kama vile beta-karotini na luteini. Karotenoidi hazionekani kwa macho katika jani bichi kwa sababu zimefunikwa na kijani, lakini hujitokeza jani linapozeeka na klorofili yake kuvunjika.

Uwiano wa klorofili a kwa klorofili b hueleza habari za maisha ya jani. Jani lililokua kivulini huwa na klorofili b nyingi zaidi kwa kulinganisha, hivyo uwiano wake hushuka. Jani lililokua juani huwa na uwiano mkubwa, mara nyingi karibu na 3 au zaidi kidogo. Mchicha ni miongoni mwa mimea iitwayo ya C4, pamoja na mahindi na miwa, na mimea hiyo kwa kawaida huwa na uwiano ulio juu kuliko mimea mingine inayopata jua sawa. Kwa hiyo kosa linalogusa uwiano huo humfanya msomaji wa majibu aamini jambo ambalo halikutokea shambani.

## Kwa nini asetoni ya asilimia 80

Klorofili na karotenoidi haziyeyuki katika maji. Zimo ndani ya utando wa kloroplasti, zikiwa zimeshikwa na protini. Asetoni huvunja mshiko huo na kuziyeyusha. Kiasi kidogo cha maji katika asetoni husaidia kiyeyushi kupenya jani bichi ambalo lenyewe limejaa maji.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea asetoni ya asilimia 80 kwa majani mabichi. Sehemu kubwa ya uzito wa jani bichi la mboga ni maji. Gramu 0.20 za jani lenye maji asilimia 85 huingiza maji yapatayo mililita 0.17 katika mchujo. Mchujo ukiwa na ujazo wa mililita 25, nyongeza hiyo haifiki asilimia 1 na haina madhara. Lakini mtu akisaga jani hilohilo katika mililita 2 za asetoni tupu, maji ya jani huwa karibu asilimia 8 ya mchanganyiko. Kiyeyushi hicho si asetoni tupu tena, na wala hakijawa cha asilimia 80, hivyo hakuna mlinganyo unaokifaa.

Asetoni ya asilimia 80 hutengenezwa kwa kupima mililita 80 za asetoni ya maabara na mililita 20 za maji yaliyokenekwa, kila kimoja peke yake, kisha kuchanganya. Kiondoa rangi ya kucha kinachouzwa madukani hakifai hata kama kimeandikwa kuwa kina asetoni, kwa kuwa huwa na maji ya kiasi kisichojulikana, manukato, na pengine rangi.

Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 za selisiasi na hushika moto upesi. Kazi yote hufanywa mbali na moto, mahali penye hewa ya kutosha. Pia huyeyusha baadhi ya plastiki, hasa ile ngumu na angavu inayotumika kutengenezea kuveti za bei nafuu. Kuveti ya namna hiyo hupata ukungu ndani ya dakika chache, na ukungu huo husomwa na mashine kana kwamba ni rangi ya jani. Kuveti za kioo ndizo zinazofaa.

## Kutoka bustanini hadi maabara

Ukonga iko katika wilaya ya Ilala, upande wa barabara iendayo Pugu. Jani la mchicha linalochumwa huko na kupelekwa kwenye maabara ya chuo au ya shule upande wa pili wa mji linaweza kukaa njiani saa moja au zaidi, katika joto la pwani. Muda huo una madhara mawili.

La kwanza ni kunyauka. Majibu mara nyingi hutolewa kwa miligramu za klorofili katika gramu moja ya jani bichi. Jani likipoteza maji asilimia 10 ya uzito wake, klorofili haijaongezeka hata kidogo, lakini kila gramu ya jani sasa ina klorofili zaidi. Jani lililokuwa na miligramu 1.54 kwa gramu litaonekana kuwa na 1.71. Mtu akilinganisha bustani ya karibu na maabara na bustani ya mbali, anaweza kupata tofauti iliyoletwa na foleni tu.

La pili ni kuharibika kwa rangi zenyewe. Joto na mwanga huvunja klorofili katika jani lililochumwa, na zaidi katika mchujo.

Kwa hiyo majani huchumwa asubuhi, hufungwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa chenye unyevu, na kuwekwa ndani ya deli lenye barafu bila kugusana na barafu yenyewe. Njia nyingine ya kukwepa tatizo la kunyauka ni kutoa vipande vya duara kwa kitoboleo mara baada ya kuchuma, na kuhesabu rangi kwa sentimita mraba ya jani badala ya gramu. Kitoboleo cha karatasi cha ofisini chenye kipenyo cha milimita 6 hutoa duara la sentimita mraba 0.283, na vipande kumi huwa sentimita mraba 2.83. Jani linyauke au lisinyauke baadaye, eneo lililokwisha kukatwa linajulikana.

Ni lazima pia kuamua jani lipi linachumwa. Jani changa la juu, jani lililokomaa la katikati na jani la chini linaloanza kuwa njano hayawezi kulinganishwa. Kwa mchicha huchukuliwa jani lililokwisha kufunguka kabisa kutoka sehemu ya juu ya shina, na mshipa mkubwa wa katikati huondolewa kwa kuwa una uzito mwingi na rangi kidogo.

## Kusaga na kuchuja

Gramu 0.20 za jani hupimwa kwa mizani inayosoma angalau hadi sehemu ya mia ya gramu. Mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu ni bora zaidi, maana kosa la gramu 0.01 katika gramu 0.20 ni kosa la asilimia 5 katika jibu la mwisho.

Jani hukatwa vipande vidogo na kuwekwa katika kinu cha kauri kilichopoozwa. Huongezwa mchanga safi wa maabara kiasi cha ncha ya kijiko, na kabonati ya magnesi kiasi hichohicho. Mchanga husaidia kusaga. Kabonati ya magnesi huzuia asidi, na kazi yake ni kubwa hasa kwa mchicha, kama inavyoelezwa hapo chini. Humiminwa mililita 5 za asetoni ya asilimia 80 iliyo baridi, na jani husagwa kwa mchi hadi lisionekane kipande cha kijani.

Mchanganyiko huhamishiwa kwenye mrija wa sentrifuji na kuzungushwa kwa dakika tano, au hupitishwa katika karatasi ya kuchujia. Kimiminika cha juu humiminwa kwenye chupa ya ujazo ya mililita 25. Mabaki husagwa tena kwa mililita 5 nyingine, na tena, hadi asetoni itoke bila rangi na mabaki yabaki meupe. Mabaki yakiwa na kijani, rangi haijaisha na jibu litakuwa pungufu. Kinu na mchi husuuzwa kwa asetoni hiyohiyo, suuzo hutiwa kwenye chupa, kisha chupa hujazwa hadi alama ya mililita 25.

Chupa hufunikwa kwa karatasi ya alumini na kufungwa kwa kizibo. Kizibo si jambo dogo. Katika chumba chenye joto la nyuzi 30, asetoni huondoka upesi kuliko maji, mchujo hupungua ujazo, na rangi iliyobaki huwa nzito kuliko inavyopaswa. Mchujo husomwa siku hiyohiyo.

## Kusoma kwa spektrofotometa

Spektrofotometa hupitisha mwanga wa urefu mmoja wa wimbi katika mchujo na kupima ni kiasi gani kimefyonzwa. Kipimo hicho huitwa ufyonzaji na huandikwa kwa herufi A, ikifuatiwa na urefu wa wimbi kwa nanomita. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba sehemu moja ya kumi ya mwanga ndiyo iliyopita. Ufyonzaji wa 2 maana yake ni sehemu moja ya mia. Kwa kanuni ya Beer na Lambert, ufyonzaji huongezeka kwa kiasi kilekile ambacho rangi inaongezeka katika mchujo.

Kwanza mashine hurekebishwa kuwa sifuri kwa kutumia asetoni ya asilimia 80 isiyo na jani. Kisha mchujo husomwa kwenye nanomita 750, 663, 647 na 470.

Kwenye nanomita 663 klorofili a hufyonza kwa nguvu, na kwenye 647 klorofili b. Kwenye 470 hufyonza karotenoidi, pamoja na klorofili b. Kwenye 750 hakuna rangi yoyote kati ya hizi inayofyonza, kwa hiyo kinachosomwa hapo ni ukungu tu wa vipande vidogo vilivyopita kwenye chujio. Namba hiyo hutolewa katika nyingine zote. Ikizidi 0.01, ni afadhali mchujo uzungushwe tena.

Usomaji wa 663 hutakiwa uwe kati ya 0.3 na 0.9 hivi. Ukizidi 1, mchujo huongezewa asetoni ya asilimia 80 kwa kiasi kinachojulikana, na jibu huzidishwa kwa uwiano wa ujazo mpya kwa ujazo wa awali.

Mashine yenyewe ina mpaka wake. Kilele cha klorofili ni chembamba. Mashine inayopitisha mwanga wa upana wa nanomita 10 au 20 kwa wakati mmoja hukisawazisha kilele hicho na kukisoma kifupi. Milinganyo hii inahitaji mashine yenye upana wa nanomita 2 au chini ya hapo. Kalorimita ya shule yenye vioo vya rangi inaweza kuonesha kwamba mchujo huu ni mzito kuliko ule, lakini haiwezi kutenganisha klorofili a na b.

Namba za mashine nazo zinaweza kuwa zimesogea. Njia rahisi ya kujua ni kusoma mchujo nanomita moja moja kuanzia 655 hadi 670. Kilele kinatakiwa kiwe kwenye 663 au 664. Kikionekana kwenye 666, mashine imesogea, na inahitaji kurekebishwa kabla ya namba zake kuaminiwa.

## Milinganyo

Milinganyo ifuatayo ilichapishwa na Hartmut Lichtenthaler mwaka 1987 kwa asetoni ya asilimia 80. Majibu yake ni mikrogramu za rangi katika mililita moja ya mchujo. Urefu kamili wa mawimbi aliyoutumia ni nanomita 663.2, 646.8 na 470. Hapa namba zimekaribishwa.

```
Ca = 12.25 × A663 − 2.79 × A647
Cb = 21.50 × A647 − 5.10 × A663
Cx = (1000 × A470 − 1.82 × Ca − 85.02 × Cb) / 198
```

Ca ni klorofili a, Cb ni klorofili b, na Cx ni karotenoidi zote.

Namba hizi si za kukariri tu, zina asili yake. Mikrogramu moja ya klorofili a katika mililita moja ya asetoni ya asilimia 80 hutoa ufyonzaji wa 0.0863 kwenye nanomita 663 na 0.0205 kwenye 647. Mikrogramu moja ya klorofili b hutoa 0.0112 kwenye 663 na 0.0492 kwenye 647. Mchujo wenye zote mbili hutoa jumla yake:

```
A663 = 0.0863 × Ca + 0.0112 × Cb
A647 = 0.0205 × Ca + 0.0492 × Cb
```

Hii ni milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, ya aina ileile inayofundishwa katika hisabati za sekondari. Mtu akiitatua kutafuta Ca na Cb atapata karibu 12.25, 2.79, 21.50 na 5.10. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini kiyeyushi hakiwezi kubadilishwa ovyo: namba nne za mwanzo zilipimwa kwa klorofili safi ndani ya asetoni ya asilimia 80. Katika kiyeyushi kingine vilele husogea na urefu wake hubadilika, na namba zote hubadilika pamoja navyo.

Karotenoidi hupatikana kwa kutoa. Ufyonzaji wote wa 470 huchukuliwa, sehemu ya klorofili a na ya klorofili b huondolewa, na kinachobaki huhesabiwa kuwa karotenoidi. Kwa sababu hiyo kila kosa la klorofili b huhamia kwenye karotenoidi.

## Mfano wa hesabu

Namba za mfano huu zimechaguliwa ili kuonesha hesabu. Gramu 0.20 za jani la mchicha wa kijani zimesagwa na mchujo umejazwa hadi mililita 25. Mashine imesoma hivi:

```
A750 = 0.005
A663 = 0.865
A647 = 0.335
A470 = 0.745
```

Baada ya kutoa 0.005 katika kila namba, hubaki 0.860, 0.330 na 0.740. Hesabu huendelea hivi:

```
Ca = 12.25 × 0.860 − 2.79 × 0.330 = 9.61
Cb = 21.50 × 0.330 − 5.10 × 0.860 = 2.71
Cx = (740 − 17.5 − 230.3) / 198 = 2.49
```

Namba hizi ni mikrogramu kwa mililita ya mchujo. Ili kurudi kwenye jani, kila moja huzidishwa kwa mililita 25 na kugawanywa kwa gramu 0.20, yaani huzidishwa kwa 125. Klorofili a huwa mikrogramu 1,202 kwa gramu ya jani bichi, klorofili b huwa 339, na karotenoidi 311. Kwa miligramu ni 1.20, 0.34 na 0.31. Klorofili zote pamoja ni miligramu 1.54 kwa gramu.

Uwiano wa a kwa b ni 9.61 kugawanya kwa 2.71, yaani 3.55. Uwiano wa klorofili zote kwa karotenoidi ni karibu 5. Zote mbili ni namba zinazotarajiwa kwa jani la mmea wa C4 lililokua juani.

Ikiwa gramu hizo 0.20 zilikuwa na eneo la sentimita mraba 10, klorofili yote katika chupa, ambayo ni mikrogramu 308, hugawanywa kwa 10. Jani lina mikrogramu 30.8 za klorofili kwa kila sentimita mraba.

## Mlinganyo usiolingana na kiyeyushi

Lichtenthaler alitoa pia milinganyo ya asetoni tupu, inayosomwa kwenye nanomita 661.6, 644.8 na 470. Katika mlinganyo wake wa klorofili a kuna 11.24 na 2.04, na katika ule wa klorofili b kuna 20.13 na 4.19. Mwanafunzi aliyetumia asetoni ya asilimia 80 akichukua milinganyo hiyo kwa makosa, na kuingiza usomaji uleule wa mfano wa juu, atapata klorofili a 8.99 na klorofili b 3.04.

Jumla ya klorofili imeshuka kutoka 12.32 hadi 12.03 tu, tofauti isiyomshtua mtu. Lakini uwiano wa a kwa b umeshuka kutoka 3.55 hadi 2.96. Jani lilelile, mchujo uleule na mashine ileile sasa vinasimulia habari ya mmea ulioota mahali penye jua kidogo zaidi. Mwanafunzi aliyekuwa akilinganisha tuta lililo wazi na tuta lililo chini ya mwembe angeandika matokeo yasiyokuwapo.

Kosa la namna hii lina historia ndefu. Mwaka 1949 Daniel Arnon, katika utafiti wake wa kloroplasti, alitoa milinganyo ya asetoni ya asilimia 80 inayosomwa kwenye nanomita 663 na 645. Aliitengeneza kwa kutumia vipimo vya klorofili safi vilivyochapishwa na Gordon Mackinney mwaka 1941. Milinganyo hiyo ilienea duniani kote na bado hutumika katika vyuo vingi. Mwaka 1989 Robert Porra na wenzake wawili nchini Australia walipima upya klorofili safi, wakihakiki kiasi chake kwa kupima magnesi iliyomo. Walionesha kwamba milinganyo ya Arnon hutoa klorofili a pungufu na klorofili b iliyozidi, kwa hiyo uwiano wake huwa mdogo kuliko ukweli. Isitoshe, milinganyo ya Arnon haina sehemu ya karotenoidi.

Hivyo majibu ya tafiti mbili hayawezi kulinganishwa mpaka ijulikane kila moja ilitumia milinganyo ipi. Ripoti kamili hutaja kiyeyushi, nanomita zilizosomwa na mwenye milinganyo. Usomaji wenyewe ukiandikwa, mtu mwingine anaweza kurudia hesabu kwa milinganyo aitakayo.

## Mambo yanayoharibu majibu

Ukungu katika mchujo. Tuseme mchujo wa mfano haukuchujwa vizuri na kila usomaji ukaongezeka kwa 0.05, na mtu hakusoma 750. Klorofili a itakuwa 10.09, klorofili b 3.53 na karotenoidi 2.38. Klorofili b imepanda kwa karibu theluthi, uwiano umeshuka hadi 2.86, na karotenoidi zimepungua ingawa usomaji wa 470 umeongezeka. Ukungu hauongezi kila kitu sawasawa. Hujificha ndani ya klorofili b.

Asidi ya mchicha. Majani ya mchicha yana asidi ya oksaliki nyingi. Jani likiwa zima, asidi hiyo imetengwa mbali na kloroplasti. Likisagwa, vyote huchanganyika. Asidi huondoa atomi ya magnesi iliyo katikati ya klorofili, na klorofili hugeuka feofitini yenye rangi ya kijani iliyofifia na kuelekea kahawia. Mabadiliko hayohayo huonekana jikoni mboga za majani zinapopikwa na ndimu au nyanya nyingi. Feofitini hufyonza mwanga mwekundu kidogo kuliko klorofili, hivyo usomaji wa 663 hushuka na milinganyo haitoi jibu sahihi tena. Kabonati ya magnesi huizima asidi hiyo ikiwa imo kinuni kabla ya jani kusagwa. Ikitiwa baadaye haiwezi kuirudisha klorofili iliyokwisha kuharibika. Dalili ya tatizo ni mchujo ambao kijani chake hakina ung'avu, au usomaji wa 663 unaoendelea kushuka mchujo ukisomwa tena baada ya nusu saa.

Mchicha mwekundu. Aina za mchicha zenye majani au mashina mekundu zina rangi ziitwazo betalaini. Tofauti na klorofili, hizi huyeyuka katika maji, na maji yaliyomo katika asetoni ya asilimia 80 yanatosha kuzitoa. Betalaini nyekundu ya mchicha hufyonza zaidi karibu na nanomita 537, lakini ufyonzaji wake huenea hadi 470. Mlinganyo hauijui, hivyo huihesabu kuwa karotenoidi. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba mchicha mwekundu una karotenoidi nyingi kuliko wa kijani, kumbe amepima kitu kingine. Ili kujua, mchujo kidogo hutiwa kwenye mrija pamoja na etha ya petroli na maji, hutikiswa na kuachwa utulie. Klorofili na karotenoidi hupanda kwenye etha juu, na maji ya chini yakibaki na wekundu, betalaini ilikuwamo. Kwa majani ya namna hiyo ni afadhali jani likaushwe kwa baridi na kuchujwa kwa asetoni tupu, ambayo haiyeyushi betalaini vizuri, na hapo ndipo milinganyo ya asetoni tupu huwa mahali pake.

## Mipaka ya njia hii

Cx ni jumla ya karotenoidi zote. Haioneshi ni kiasi gani ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ni kiasi gani ni luteini, ambayo haigeuzwi. Kwa hiyo namba hiyo haiwezi kutumika kusema sahani ya mchicha ina vitamini A kiasi gani. Kwa kazi hiyo rangi hutenganishwa kwanza kwa kromatografia, kila moja ikapimwa peke yake.

Kwa kuwa karotenoidi hupatikana kwa kutoa, pia hazina uhakika sawa na klorofili. Katika mfano wa juu, kosa la 0.010 tu katika usomaji wa 647 huongeza klorofili b kutoka 2.71 hadi 2.92 na kupunguza karotenoidi kutoka 2.49 hadi 2.39, ilhali klorofili a hubaki karibu ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo jani moja halitoshi. Huchukuliwa angalau majani matatu kutoka mimea tofauti, kila moja husagwa na kusomwa peke yake, na wastani huandikwa pamoja na namba ndogo kabisa na kubwa kabisa. Tofauti kati ya bustani mbili iliyo ndogo kuliko tofauti ya majani ya bustani moja haihesabiwi kuwa tofauti.